Kwa nini uzito huongezeka baada ya kuacha sigara, na nini kinasaidia kuupunguza

Watu wengi wanaoacha sigara, iwe Dzaleka au Lilongwe, hutoa malalamiko yanayofanana baada ya wiki chache: suruali inabana, njaa haiishi, na jirani ameanza kusema "umenenepa". Wengine hufurahi kusikia hivyo. Wengine huogopa, na kati yao wapo wanaorudi kwenye sigara kwa sababu hiyo tu. Makala hii inaeleza kinachotokea mwilini, uzito unaoongezeka ni kiasi gani, nani anapaswa kujali na nani hana haja ya kujali, na hatua zipi zinafanya kazi kwa mtu anayekula nsima, maharagwe na mandasi.

Tunatumia neno "sigara", lakini maelezo haya yanahusu pia tumbaku ya kusokota kwenye karatasi na ugoro. Kinachosababisha mabadiliko ya uzito ni nikotini, na nikotini imo katika vyote hivyo.

Nikotini inafanya nini kwenye njaa

Waliowahi kufanya kibarua cha kuvuna tumbaku katika mashamba ya Dowa wanaijua nikotini hata kama hawajawahi kuvuta. Majani yakiwa na umande au mvua, nikotini hupenya kwenye ngozi ya mikono. Mvunaji hupata kizunguzungu na kichefuchefu, na jioni hana hamu ya chakula. Hiyo ni sumu ya nikotini kwa kipimo kikubwa. Mvutaji hupata kipimo kidogo zaidi, lakini mara kumi au ishirini kwa siku. Hapati kichefuchefu kwa sababu mwili umezoea, ila hamu ya chakula bado inashushwa.

Nikotini hufika kwenye ubongo ndani ya sekunde chache baada ya kuvuta moshi. Huko huamsha chembe ambazo kwa kawaida huamka mtu akiwa ameshiba. Ubongo unapokea ujumbe kwamba chakula kimeingia, ingawa tumbo ni tupu. Hii ndiyo sababu watu wengi kambini husema wanavuta "kuua njaa", hasa siku za mwisho wa mwezi pesa za chakula zinapokuwa zimekwisha. Hawakosei kuhusu wanachokisikia. Njaa kweli inanyamaza, lakini mwili haujapata chochote.

Jambo la pili hutokea kimyakimya. Nikotini huongeza mapigo ya moyo na kuufanya mwili uchome nguvu zaidi hata mtu akiwa amekaa. Mwaka 1986 watafiti wa Lozani, Uswisi, waliwaweka wavutaji wanane katika chumba maalumu kinachopima nguvu ambayo mwili unatumia kwa saa 24. Siku moja walivuta sigara 24, siku nyingine hawakuvuta kabisa. Siku ya kuvuta, miili yao ilitumia wastani wa kalori 2,445. Siku ya kutovuta, kalori 2,230. Kalori ni kipimo cha nguvu inayotoka kwenye chakula. Tofauti ni kama kalori 215 kwa siku, yaani nguvu iliyomo kwenye mandasi moja kubwa hivi.

Kwa hiyo mtu akiacha, mambo mawili hubadilika kwa pamoja. Mwili unatumia nguvu kidogo kuliko jana, na wakati huohuo njaa iliyokuwa imezuiwa inarudi. Hata kama hali kupita alivyokula zamani, kiasi fulani cha uzito kitaongezeka. Huo si ulafi wala udhaifu. Tunalisema wazi kwa sababu watu huchekana sana kuhusu jambo hili.

Kuna sababu ya tatu: ulimi na pua vinapona. Baada ya siku chache ladha na harufu hurudi, na chakula kilichokuwa cha kawaida kinakuwa kitamu. Sombe au usipa ambao ulikuwa unaumaliza kwa mazoea, sasa unaomba kuongezewa. Na mkono uliozoea kwenda mdomoni mara mia kwa siku hutafuta kitu kingine cha kupeleka huko.

Uzito kiasi gani?

Mwaka 2012 jarida la tiba la Uingereza, BMJ, lilichapisha muhtasari wa tafiti 62 za watu walioacha sigara. Wale walioacha bila kutumia dawa yoyote waliongezeka wastani wa kilo 1 hivi katika mwezi wa kwanza, karibu kilo 3 kufikia mwezi wa tatu, na kati ya kilo 4 na 5 kufikia mwisho wa mwaka. Angalia mwendo wake: zaidi ya nusu ya uzito wa mwaka mzima huingia katika miezi mitatu ya kwanza. Baada ya hapo kasi hupungua.

Huo ni wastani tu. Katika tafiti hizohizo, kama mtu mmoja kati ya sita alipungua uzito, na kama mmoja kati ya wanane aliongezeka zaidi ya kilo 10. Haiwezekani kumwambia mtu kwa uhakika atakuwa kundi gani, ingawa waliokuwa wakivuta sana kwa kawaida huongezeka zaidi.

Tuongeze tahadhari moja. Tafiti nyingi za aina hii zilifanywa katika nchi ambako chakula kipo dukani saa zote na watu wengi hukaa kwenye viti mchana kutwa. Mtu anayelima, anayebeba maji na anayekula mlo mmoja au miwili kwa siku hawezi kutegemea kilo zilezile. Kinachobaki sawa kila mahali ni kazi ya nikotini mwilini.

Kwanza jiulize: unahitaji kupunguza?

Hapa ndipo ushauri wa vitabu vya Ulaya unapotofautiana na maisha ya hapa. Kwa watu wengi Dzaleka, kilo 4 ni dawa. Chukua fundi cherehani mwenye urefu wa mita 1.70 na uzito wa kilo 52. Wahudumu wa afya hugawa uzito kwa urefu uliozidishwa kwa wenyewe: 52 kugawa kwa 1.70 mara 1.70, jibu ni 18. Chini ya 18.5 huhesabiwa kuwa mwembamba kupita kiasi. Akiacha sigara na kufikia kilo 56.5, jibu linakuwa 19.5, ambalo liko ndani ya uzito wenye afya. Fundi huyu hana cha kupunguza. Anachohitaji ni kwamba kilo hizo zitokane na maharagwe, karanga, usipa na mboga, badala ya sukari peke yake.

Hali ni tofauti ikiwa jibu lako ni 25 au zaidi, au una kisukari au shinikizo la damu, au mzazi wako ana kisukari. Kwa watu hawa ni vizuri kuzuia sehemu ya ongezeko hilo.

Kama huna mizani, tumia kamba. Pima urefu wako kwa kamba kuanzia unyayo hadi utosi, ikate, kisha ikunje katikati. Izungushe kiunoni usawa wa kitovu, bila kuvuta tumbo ndani. Nusu hiyo ikizunguka na ncha zikakutana, mafuta ya tumboni hayajazidi. Zisipokutana, uko katika kundi la kuangalia. Weka kamba hiyo, tutaitumia tena. Kipimo hiki hakifai kwa mama mjamzito, ambaye pia hapaswi kujinyima chakula ili azuie uzito.

Je, uzito huo unaharibu faida ya kuacha?

Hapana, na hili limechunguzwa moja kwa moja. Mwaka 2018 watafiti wa Marekani walitoa matokeo ya kufuatilia maelfu ya wahudumu wa afya kwa miaka mingi. Walioacha sigara na kunenepa walikuwa na hatari kubwa zaidi ya kupata kisukari kwa miaka michache, na hatari hiyo ilifika kilele kati ya mwaka wa 5 na wa 7 kisha ikashuka. Walioacha bila kunenepa hawakuonyesha ongezeko hilo. Lakini hatari ya kufa, na hasa kufa kwa ugonjwa wa moyo, ilikuwa chini kwa wote walioacha kuliko wale walioendelea kuvuta, hata kwa walionenepa zaidi ya kilo 10.

Kwa hiyo kurudia sigara ili upungue ni biashara ya hasara. Hofu ya kisukari ni sababu ya kuangalia sukari na matembezi yako, basi.

Mahali ambapo uzito huingia: mfano wa dereva wa minibasi

Tufanye hesabu kwa mfano. Dereva anaishi Area 25, Lilongwe, si mbali na Kanengo ambako tumbaku ya nchi hii hupigwa mnada. Ana urefu wa mita 1.68 na kilo 76, kwa hiyo jibu lake ni karibu 27. Alikuwa akivuta sigara 12 kwa siku, nyingi akisubiri abiria. Sasa ameacha, na kile kidogo alichokuwa akimpa muuza sigara bado kiko mfukoni. Muuza sigara yuleyule anauza pia soda, mandasi na peremende.

Asubuhi alikuwa anakunywa chai na sigara bila kula. Sasa saa nne njaa inamshika na ananunua mandasi, kama kalori 150. Mchana anakunywa soda ya chupa ndogo ya mililita 300, ambayo ina sukari ya vijiko vya chai karibu 8 na kalori kama 130. Kati ya safari na safari anamumunya peremende 5, kila moja kalori 20, jumla 100. Jioni anaongeza kikombe kimoja cha chai chenye vijiko 3 vya sukari, kalori 50. Ukijumlisha, ni kalori 430 ambazo hazikuwapo zamani. Ongeza kalori 100 hivi ambazo mwili wake hauzichomi tena kwa kuwa nikotini imeondoka. Tumechukua kama nusu ya kipimo cha Lozani, kwa sababu alikuwa anavuta nusu ya zile sigara 24. Jumla ni 530 kwa siku.

Kilo moja ya mafuta ya mwilini huhifadhi takriban kalori 7,700. Kwa siku 30, dereva huyu anaweka akiba ya kalori karibu 16,000, yaani kilo 2 kwa mwezi. Kwa kweli mwendo huo hupungua kadiri mwili unavyokuwa mzito, maana mwili mzito hutumia nguvu zaidi. Lakini katika miezi mitatu ya kwanza hesabu haiko mbali na hapo.

Kitu cha kuona katika hesabu hii ni kwamba nsima haimo. Hakula nsima zaidi. Uzito wote umetoka kwenye vitu vidogo vilivyochukua nafasi ya sigara, na karibu vyote ni sukari. Watu wengi wakinenepa huanza kwa kupunguza nsima, wanabaki na njaa saa kumi jioni, kisha wanarudi kwa muuza mandasi.

Sasa tuone anachoweza kubadilisha bila kuteseka. Soda inakuwa maji: kalori 130 zimeondoka. Peremende zinakuwa kijiti cha meno, au kipande cha karoti au tango kinachotafunwa polepole: 100 zimeondoka. Katika vikombe vyake vinne vya chai, kila kimoja kinashuka kutoka vijiko 3 vya sukari hadi 2: kalori 64. Na anashuka kituo kimoja kabla ya nyumbani, asubuhi na jioni, akitembea dakika 15 kila upande. Nusu saa ya kutembea kwa haraka kwa mtu wa uzito wake ni takriban kalori 100. Jumla ni karibu 394.

Zinabaki kalori 136 kwa siku, sawa na nusu kilo kwa mwezi badala ya kilo 2. Mandasi tumemwachia makusudi. Mtu aliyeondolewa sigara, soda, peremende na mandasi katika wiki moja ana nafasi kubwa ya kurudia vyote, na sigara itakuwa ya kwanza.

Usianze njaa na kuacha sigara siku moja

Kuna mabishano kati ya wataalamu juu ya hili. Tafiti kadhaa zilionyesha kwamba watu waliobanwa kwa chakula wakati wa kuacha walishindwa zaidi kuacha. Nyingine hazikuona tofauti. Kwa maoni yangu, mahali kama hapa ambapo njaa ndiyo iliyowafanya wengi waanze kuvuta, ni busara kutoijaribu. Wiki nne za kwanza shughulikia sigara. Badilisha vinywaji vyenye sukari na ongeza kutembea, lakini kula milo yako.

Kuna hatua moja ya mpango ambayo haigharimu kitu: chagua siku ya kuacha kwa kuangalia kalenda ya chakula. Wiki mbili za kwanza ndizo zenye njaa kali zaidi. Mtu anayeacha tarehe ambayo nyumba haina unga anapambana na njaa mbili kwa wakati mmoja, ile ya tumbo na ile ya nikotini. Acha siku chache baada ya kupokea pesa za chakula au mshahara, na ununue unga, maharagwe na mafuta kabla ya kitu kingine chochote.

Asubuhi ndiyo saa ya kulinda. Mvutaji huamka, anavuta, na njaa inanyamaza hadi mchana. Asiyevuta tena hawezi kukaa hivyo. Uji wa mahindi, ambao wenyeji huuita phala, ukichanganywa na unga wa karanga, hukaa tumboni muda mrefu kuliko mandasi na chai. Kiazi kitamu cha kuchemsha pia kinafaa na kinabebeka hadi kazini. Karanga zenyewe ni chakula kizuri, ila zina mafuta mengi, kwa hiyo kiganja kimoja kinatosha kwa mtu anayezuia uzito. Kwa yule fundi mwembamba, viganja viwili.

Mafuta ya kupikia yanastahili neno moja. Kijiko kikubwa cha mafuta kina kalori karibu 120, sawa na soda. Ladha inaporudi, mpishi aliyeacha sigara mara nyingi humimina zaidi bila kujua. Pima kwa kijiko badala ya kumimina kutoka kwenye chupa.

Njaa au kiu ya sigara?

Hivi viwili huchanganywa sana. Njaa ya kweli huja polepole na huzidi kadiri saa zinavyopita, na chakula chochote kitaituliza, hata nsima ya jana. Kiu ya sigara huja ghafla, mara nyingi baada ya kitu fulani: umemaliza kula, umegombana na mtu, umekutana na rafiki anayevuta. Inataka kitu kitamu au cha kutafuna, hapohapo. Usipoipa kitu, kwa kawaida hupungua ndani ya dakika chache.

Kwa hiyo jaribu hivi. Hamu ikija, kunywa kikombe cha maji na ufanye kitu cha mikono kwa dakika 10: osha vyombo, teka maji, shona kifungo. Ikiisha, ilikuwa kiu ya sigara. Ikibaki na kuongezeka, kula chakula cha kweli, ukikaa chini, kwenye sahani.

Wanywaji wa chai na kahawa waangalie jambo ambalo watu wachache wanalijua. Moshi wa sigara huharakisha ini kuondoa kafeini mwilini. Ukiacha, kafeini hukaa kwenye damu muda mrefu zaidi, na vikombe vilevile vya zamani vinaanza kukupa mikono inayotetemeka, wasiwasi na kukosa usingizi. Wengi hudhani ni kiu ya sigara na wanakula ili watulie. Na mtu asiyelala vizuri huamka na njaa kubwa zaidi. Punguza kahawa au chai nzito kwa nusu katika wiki hizo, hasa baada ya saa nane mchana.

Pombe ni tatizo mara mbili. Ina kalori zake yenyewe, na kwenye kilabu ndiko sigara ya kwanza ya kurudia hupatikana mara nyingi. Ukiweza kukaa mbali nayo mwezi mmoja, utakuwa umezuia vyote viwili.

Mazoezi na dawa

Tafiti zilizolinganisha walioacha sigara wakifanya mazoezi na walioacha bila mazoezi zinaonyesha kitu cha kushangaza kidogo. Katika wiki za mwanzo tofauti ya uzito haikuonekana. Mwisho wa mwaka, waliofanya mazoezi walikuwa wameongezeka kilo 2 hivi pungufu kuliko wenzao. Kwa hiyo usipime matembezi yako kwa mizani ya wiki ya pili na kuyaacha kwa kukata tamaa.

Kambini watu wengi hutembea tayari. Kwa mama anayeteka maji na kulima, kumwambia afanye mazoezi ni mzaha. Ushauri huu ni kwa anayekaa: mwenye duka, mshonaji, dereva, mlinzi wa usiku, kijana wa kabaza aliyeuza baiskeli na kununua pikipiki. Nusu saa kwa siku inatosha kuanza, na inaweza kukatwa vipande viwili au vitatu.

Dawa zenye nikotini ndogo, yaani ubani wa kutafuna na plasta ya kubandika kwenye ngozi, ziko katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani tangu 2009. Ukizipata kwenye duka la dawa, zinasaidia kuacha, na uzito huongezeka polepole zaidi wakati unazitumia. Ila ukizimaliza, sehemu ya uzito uliocheleweshwa huingia. Kuhamia ugoro si njia ya namna hii: nikotini inaendelea, na hatari ya saratani ya kinywa inabaki.

Usitumie vidonge vya kupunguza mwili vinavyouzwa sokoni au kwenye simu. Hujui kilichomo, na baadhi ya dawa za aina hiyo hupandisha shinikizo la damu.

Kufuatilia

Pima mara moja kwa wiki, siku ileile, asubuhi, ukiwa na nguo zilezile. Kupima kila siku kunasumbua bure, kwa kuwa maji na choo vinaweza kubadilisha kilo nzima kati ya jana na leo. Katika wiki za kwanza baadhi ya watu hupata choo kigumu, tumbo linajaa na mizani inapanda bila mafuta kuongezeka. Maji, maharagwe na mboga za majani hurekebisha hilo.

Asiye na mizani arudi kwenye kamba yake. Izungushe kiunoni na ufunge fundo mahali inapofika leo. Wiki nne baadaye zungusha tena. Fundo likisogea kwa upana wa vidole viwili au zaidi, rudi kwenye hesabu ya dereva na utafute ni kitu gani kidogo kimeingia. Mara nyingi ni sukari ya chai.

Nenda kituo cha afya, Dzaleka au Area 25, kama una kisukari na umeacha sigara, ili sukari ya damu na dozi yako viangaliwe. Fanya vivyo hivyo ukiona kiu kali, kukojoa mara nyingi usiku na uchovu, hata kama hujawahi kuambiwa una kisukari. Mwambie mhudumu kwamba umeacha sigara ikiwa unatumia dawa za magonjwa ya akili, kwa kuwa kiwango cha baadhi yake kwenye damu hupanda baada ya kuacha, kama ilivyo kwa kafeini.

Na kama umeacha sigara lakini uzito unashuka, huku una kikohozi cha wiki mbili au zaidi, homa za jioni au jasho la usiku, usilichukulie kuwa bahati nzuri. Omba upimwe kifua kikuu wiki hiyohiyo.